Sivii mbili, tangazo moja: umpime afisa mawasiliano kwa maneno au kwa ushahidi?

Tangazo lenyewe ni la kawaida. Mamlaka ya maji ya mji mmoja wa mkoani inatafuta afisa mawasiliano. Kazi zilizotajwa ni tatu: kuandaa taarifa kwa vyombo vya habari kwa Kiswahili na Kiingereza, kuendesha kurasa za mitandao ya kijamii na kuwajibu wateja humo, na kuandaa ujumbe kwa umma wakati wa dharura, mathalani bomba kuu likipasuka au maji yakichafuka. Wanataka shahada ya uandishi wa habari, uhusiano wa umma au fani inayofanana, na uzoefu wa miaka mitatu. Maombi yanafika mia na ushee, na kamati ya watu watatu inapewa siku mbili kuyachuja.

Nilikaa dawati la habari miaka kadhaa kabla ya kuanza kuitwa kwenye kamati za namna hii, na kila nikiitwa nakutana na swali lile lile: alama zitolewe kwa kitu gani hasa? Hapa nitaziweka sivii mbili ubavu kwa ubavu. Si za watu fulani, nimezijenga kwa kuchanganya nyingi nilizosoma ili nisimwanike mtu. Nitazipitisha kwenye mizani mbili, moja ya kuhesabu maneno ya tangazo na nyingine ya kupima ushahidi, na kila mizani itamleta mtu wake.

Waombaji wenyewe

Mwombaji A anafanya kazi kwenye wakala wa matangazo jijini Dar es Salaam, mwaka wa nne sasa. Sivii yake ina kurasa mbili, imepangwa vizuri, na juu kabisa ina orodha ya ujuzi: uandishi wa taarifa kwa vyombo vya habari, usimamizi wa mitandao, mawasiliano wakati wa majanga, mahusiano na wanahabari, mkakati wa maudhui, na kadhalika. Chini yake kuna mistari ya kazi. Miwili nitaihitaji baadaye. Wa kwanza: "Nilikuza wafuasi wa ukurasa wa Instagram wa mteja kutoka 4,000 hadi 31,000 kwa miezi 14." Wa pili: "Nilipunguza muda wa kujibu wateja kwenye ujumbe wa ndani kutoka siku mbili hadi saa tatu, kwa kupanga zamu na kuandaa majibu ya maswali kumi yanayoulizwa sana."

Mwombaji B aliripoti habari kwenye redio ya mkoani kwa miaka mitatu, kisha akawa msaidizi wa mawasiliano hospitali ya wilaya kwa miaka miwili. Sivii yake haina orodha ya ujuzi. Haivutii macho, herufi zimebanana na mpangilio unayumba. Kuhusu mitandao ameandika sentensi moja tu: "Nina ujuzi wa kutumia mitandao ya kijamii." Lakini kuna huu hapa: "Wakati wa mlipuko wa kipindupindu niliandaa taarifa ya kila siku saa kumi jioni kwa siku 19. Kila taarifa ilitoka baada ya kupitiwa na Mganga Mkuu wa Wilaya. Siku ya sita tulisahihisha uvumi kuhusu kisima cha sokoni." Amebandika na nakala ya taarifa moja kwa vyombo vya habari aliyoiandika mwenyewe.

Mizani ya kwanza: kuhesabu maneno

Hii ndiyo inayotumika zaidi, kwa sababu ni ya haraka. Unachukua tangazo, unayatoa maneno makuu, tuseme kumi na mawili, kisha unapita kwenye kila sivii ukiweka tiki. Neno likiwepo, alama moja. Lisipokuwepo, sifuri.

A anapata 11 kati ya 12. B anapata 6. Hapo B ameshatoka, maana wenye 9 na kuendelea wanatosha kujaza orodha ya usaili.

Mizani hii nisiidharau moja kwa moja. Kwa mambo yenye jibu la ndiyo au hapana inafaa sana: ana shahada iliyotajwa, hana, ametimiza miaka mitatu, hajatimiza, ameambatisha vyeti, hakuambatisha. Huko haihitaji busara ya mtu yeyote na haimwonei mtu. Tatizo linaanza pale tunapoipa kazi ya kupima ujuzi. Neno "majanga" kwenye sivii linathibitisha kwamba mwombaji amelisoma tangazo, basi. Kwa kazi nyingine kasoro hiyo inaweza kuvumilika. Kwa afisa mawasiliano ni mbaya zaidi, kwa kuwa huyu ni mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kupanga maneno yavutie. Ukimpima kwa maneno, unampima kwenye kitu ambacho hata mbovu wao wanakiweza.

Nimewahi kukaa kwenye kamati iliyotumia tiki peke yake. Tuliyemchagua alikuwa na sivii safi kuliko zote. Miezi michache baadaye likatokea jambo mchana kweupe, wateja wakapiga simu mpaka laini zikazidiwa, na taarifa ya kwanza ikatoka usiku ikiwa na picha ya kiongozi akikagua eneo. Haikusema lini huduma ingerudi. Niliirudia sivii yake baada ya hapo. Neno "dharura" lilikuwemo mara nne, na hakuna hata mara moja lilipokuwa karibu na tarehe, mahali au tukio.

Mizani ya pili: kupima ushahidi

Hapa kila kazi kati ya zile tatu inapewa alama kuanzia 0 hadi 4, na maana ya kila alama inaandikwa kabla ya kufungua bahasha ya kwanza. Mimi natumia hivi. Sifuri ni hakuna kitu. Moja ni dai tupu: ametaja jambo bila kulieleza. Mbili, ameeleza alichofanya yeye mwenyewe, si idara yake. Tatu, ameeleza kwa namna inayoweza kukaguliwa, yaani kuna tarehe, chombo cha habari, kiungo, nakala au mtu wa kuulizwa. Nne ni tatu pamoja na matokeo au uamuzi wake mwenyewe unaoonekana, katika mazingira yanayokaribiana na kazi inayotangazwa.

Kando ya kila alama, mpimaji ananakili mstari wa sivii uliomfanya aitoe. Kama hauoni mstari, alama haipandi juu ya moja. Kanuni hii moja imeokoa mabishano mengi kuliko nyingine zote ninazozijua, kwa sababu wapimaji wakitofautiana wanarudi kwenye mstari, hawarudi kwenye hisia.

Sasa tuziingie kazi zenyewe.

Taarifa kwa vyombo vya habari

Watu wengi hapa wanahesabu idadi. "Niliandaa taarifa 24 kwa mwaka," anaandika A. Ni kitu alichofanya mwenyewe, kwa hiyo anapata 2. Hapandi zaidi, kwa kuwa idadi ya taarifa zilizotumwa haisemi ni ngapi zilitumika. Pale dawati la habari tulipokea taarifa nyingi kwa siku, na mhariri aliiamulia kila moja kwa aya ya kwanza. Ikianza na "Mkurugenzi Mtendaji wa taasisi amewapongeza watumishi kwa kuendelea kuchapa kazi," imekwisha hapo hapo. Habari ikiwa ipo, imefichwa aya ya tano.

B ameambatisha nakala. Inaanza hivi: "Wanawake wajawazito wa kata nne hawatalazimika tena kusafiri hadi mjini kwa kipimo cha picha ya mawimbi ya sauti, baada ya mashine kufungwa Jumatatu hospitali ya wilaya. Kipimo kitatolewa kila siku ya kazi, saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri." Nani anaguswa, nini kimebadilika, lini, wapi, vyote viko ndani ya sentensi mbili. Nukuu ya mganga iko aya ya tatu, mahali pake. Mwishoni kuna jina la mtu wa kupigiwa simu na muda anaopatikana. Huyu amewahi kukaa upande wa pili, anajua mtangazaji wa redio anahitaji kusoma taarifa bila kuiandika upya.

Nampa 3. Sikumpa 4 kwa kuwa hakuonyesha ni nani aliyeitumia na ilizaa nini. Angeandika kwamba redio mbili ziliisoma ilivyo na waliofika kupimwa wakaongezeka, ningempa.

Kuna mtego mmoja wa huku kwetu lazima niuseme. Sivii nyingi zinaandikwa kwa Kiingereza, hata za kazi ambayo tisa kati ya kila taarifa kumi zitatoka kwa Kiswahili. Sivii nzuri ya Kiingereza haikuambii kitu kuhusu Kiswahili cha mwombaji. Nimekutana na waombaji ambao Kiingereza chao kinateleza, lakini ukiwaomba aya ya Kiswahili unapata sentensi zinazokuja zimepinda, ni tafsiri ya neno kwa neno. Kwa hiyo tangazo lenyewe liombe sampuli moja ya Kiswahili, isiyozidi ukurasa. Bila sampuli, alama ya 3 kwenye kipengele hiki ni bahati nasibu.

Mitandao ya kijamii

Hapa A anang'aa, na ni haki yake. Ila asing'ae kwa sababu isiyo yake. Mstari wa wafuasi 31,000 ndio unaovuta macho, na wapimaji wenzangu huupigia mstari. Mimi ningeupa 2, labda 3 nikiufungua ukurasa na kuuona uko hai. Wafuasi wanaweza kununuliwa, na wanaweza kuletwa na matangazo ya kulipia au zawadi za vocha. Namna ya kutambua si ngumu: fungua machapisho kumi ya mwisho, soma maoni. Ukurasa wa makumi ya maelfu wenye maoni mawili matatu kila chapisho, tena ya "safi sana" na alama za moto, una wafuasi wa kwenye karatasi.

Mstari wa pili ndio unaompa 4. Ukurasa wa mamlaka ya maji si wa kupendeza watu. Mteja anakuja pale akiwa amekasirika, ndoo ziko tupu tangu juzi, bili imekuja kubwa. Anachotaka ni jibu. A ameonyesha tatizo aliloliona, hatua alizochukua na kipimo kilichobadilika: siku mbili zikawa saa tatu, kwa zamu na majibu yaliyoandaliwa. Hilo linahamia kwenye kazi mpya karibu lilivyo. Na linakaguliwa kirahisi, unamuuliza mdhamini wake tu.

B amepata 1. Ametaja, hakueleza. Inawezekana anaviweza vyote, ila sivii haijasema, na mpimaji hapaswi kumjazia. Jambo hili linawaumiza wanahabari wengi wa redio. Wanaendesha kurasa za vituo vyao kila siku na hawaandiki hata mstari, wakidhani ni jambo dogo.

Ujumbe wakati wa dharura

Kipengele hiki ndicho kigumu kukipima, na ndicho nitakachokikalia zaidi.

A ameweka "mawasiliano wakati wa majanga" kwenye orodha ya ujuzi, na kwenye mafunzo ameandika warsha ya siku mbili. Hiyo ni 1. Warsha ni kitu kizuri, lakini haijaonyesha kwamba siku moja simu ziliita na yeye ndiye aliyeandika.

B ana siku zake 19. Usome tena ule mstari wake polepole, maana una mambo manne ambayo mtu asiyewahi kuifanya kazi hii huwa hayaandiki. Ametaja saa: kila siku saa kumi jioni. Kwenye dharura, ukiwaambia watu taarifa ijayo inakuja saa ngapi na ukatimiza, uvumi unapungua, kwa kuwa watu wana kitu cha kusubiri. Ametaja aliyeidhinisha. Hospitali ya wilaya haijitangazii mlipuko kama inavyotaka, kuna ngazi hadi Wizara ya Afya, na afisa asiyejua ngazi hiyo anaweza kuiingiza taasisi matatani kwa nia njema kabisa. Ametaja usahihisho: kulikuwa na uvumi, wakaushughulikia kwa jina la kisima, hawakuishia kusema "puuzeni taarifa za mitandaoni." Na ametaja muda mrefu. Siku 19 ni zaidi ya tukio, ni kazi ya kuchosha, na kuiandika kila siku bila kukosa kunasema kitu juu ya mtu.

Nampa 3. Kwa nini si 4? Alikuwa msaidizi, na sivii haionyeshi nani aliamua nini kisemwe na nini kingojee uthibitisho. Uamuzi huo ndio roho ya kazi yenyewe. Wengi tunakumbuka Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria ikikaribia Bukoba ikiwa na watu 43, na 19 wakafariki. Idadi zilizozunguka asubuhi hazikuwa zile za jioni. Ndivyo dharura zinavyokuwa popote, na afisa aliyekomaa anajulikana kwa kuandika taarifa ya kwanza isiyobeba namba ambayo bado hakuna aliyeithibitisha. Taarifa hiyo inasema kilichotokea, kinachofanyika, watu wafanye nini na taarifa ijayo ni saa ngapi. Basi. Sivii ikionyesha kwamba mwombaji aliwahi kuzuia jambo lisitoke mpaka lihakikishwe, hapo ndipo ninapoitoa 4 bila kusita.

Mtu atasema: je, asiyewahi kukutana na dharura? Ni hoja ya haki. Kijana aliyefanya kazi kwenye taasisi tulivu hana kosa. Ndiyo maana siangalii ukubwa wa tukio. Umeme uliokatika siku ya mahafali, mgomo wa madereva, uvumi wa hesabu za ushirika kwenye kundi la WhatsApp, vyote vinahesabika, mradi aseme lilitokea nini, aliandika nini, baada ya muda gani, na nani alipitisha.

Alama zinavyokaa

Kwa tangazo hili kamati ingekubaliana uzito mapema: taarifa kwa vyombo vya habari 35, mitandao 25, dharura 40. Dharura imepewa uzito mkubwa kwa kuwa taarifa mbaya ya kawaida inaiaibisha mamlaka, lakini ujumbe mbaya wa maji machafu unaweza kumlaza mtu hospitalini. Hesabu ni rahisi: alama unaigawa kwa 4, unaizidisha kwa uzito.

| Kipengele | Uzito | A: alama | A: jumla | B: alama | B: jumla |
|---|---|---|---|---|---|
| Taarifa kwa vyombo vya habari | 35 | 2 | 17.5 | 3 | 26.25 |
| Mitandao ya kijamii | 25 | 4 | 25 | 1 | 6.25 |
| Dharura | 40 | 1 | 10 | 3 | 30 |
| Jumla | 100 | | 52.5 | | 62.5 |

Kwa maneno, A alishinda 11 kwa 6. Kwa ushahidi, B anaongoza kwa alama kumi.

Lakini usikimbilie kufurahi. Jumlisha alama zenyewe bila uzito: A ana 2, 4 na 1, yaani 7. B ana 3, 1 na 3, yaani 7. Wamelingana. Kilichowatenganisha ni uzito, na uzito ni uamuzi wa mwajiri. Ungekuwa unatafuta mtu wa kampuni ya nguo, ukaweka mitandao 50, taarifa 30 na dharura 20, A angepata 70 na B 50, na ingekuwa sahihi kabisa kumchukua A. Kwa hiyo anayeuliza "yupi bora kati ya hawa" aulizwe kwanza: bora kwa tangazo lipi?

Ndiyo maana nasisitiza uzito uandikwe na kusainiwa kabla sivii hata moja haijafunguliwa. Ukiupanga baada ya kuzisoma, utaupanga umfuate uliyekwisha kumpenda, na hutajua kwamba umefanya hivyo. Dalili yake ni rahisi kuiona: mjumbe anayesema "hapa tuongeze kidogo uzito wa mitandao" huku sivii ya mtu fulani iko mkononi mwake.

Ninaongeza na kizingiti. Kwa kazi hii, aliye chini ya 2 kwenye dharura haingii kwenye orodha ya usaili kwa jumla yake peke yake, hata ikiwa kubwa. Bila kizingiti, mtu mwenye 4 kwenye taarifa na 4 kwenye mitandao anafika 60 akiwa na sifuri kwenye dharura, na 60 inaonekana ya kutosha. Kizingiti kinamgusa A pia. Nitarudi kwake.

Yasiyopewa alama

Sivii za kwetu zinabeba picha, umri, dini, hali ya ndoa, hata kabila la mtu likionekana kwenye jina na mahali alipozaliwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi ya namna hiyo, na katazo hilo linaanzia kwenye maombi ya kazi, halisubiri mkataba. Mtu mmoja asiye kwenye kamati aufunike ukurasa wa taarifa hizo na kuzipa sivii namba. Inachukua asubuhi moja. Na sivii zisirushwe kwenye kundi la WhatsApp la kamati kama inavyofanyika mara nyingi. Zina namba za simu na anwani za watu, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Umaridadi wa sivii nao? Hapa wenzangu huwa hawakubaliani nami. Wanasema afisa mawasiliano asiyeweza kupanga kurasa mbili vizuri hafai. Naielewa hoja, na makosa ya tahajia nayahesabu, tena kwa ukali, kwenye kipengele cha taarifa. Rangi na mpangilio siyahesabu. Violezo vya bure vipo kila mahali, na mpangilio mzuri unaonyesha kiolezo kizuri.

A aitwe au asiitwe?

Kimya cha sivii si ushahidi kwamba jambo halikufanyika. A amefanya kazi kwa wakala miaka minne. Ni vigumu kuamini hakuna mteja wake hata mmoja aliyewahi kuwaka moto mtandaoni. Huenda hakujua kwamba hilo lina thamani kuliko wafuasi 31,000.

Dawa yake si kumwonea huruma yeye peke yake, maana B naye anastahili kuulizwa kuhusu mitandao. Dawa ni kuweka swali moja kwenye fomu ya maombi, sawa kwa wote: "Eleza tukio moja ambalo ulilazimika kuandika ujumbe kwa umma kwa haraka. Lilikuwa nini, uliandika nini, baada ya muda gani, nani aliidhinisha? Maneno yasizidi 150." Majibu hayo yanapimwa pamoja na sivii kwa ile ile 0 hadi 4. Kama tangazo limeshatoka bila swali hilo, wapelekewe kwa barua pepe wote waliovuka hatua ya vyeti na miaka, wapewe siku mbili. A akijibu kwa tukio halisi akapata 3 kwenye dharura, jumla yake inapanda hadi 72.5 na anampita B, mradi jibu la B kwa swali hilo hilo halijampandisha naye. Tungekuwa karibu tumpoteze kwa kosa la sivii.

Wapimaji wawe angalau wawili, kila mmoja peke yake, bila kuonyeshana. Wakitofautiana kwa alama moja, chukua wastani. Wakitofautiana kwa mbili au zaidi, wasigawane, wafungue mistari waliyoinakili. Mara nyingi mmoja atakuwa hakuuona mstari, au amemjazia mwombaji asichosema.

Chumba cha majaribio

Alama za sivii zinaishia kwenye orodha ya usaili. Baada ya hapo zisibebwe tena, kwa sababu kazi sasa inaweza kuonekana kwa macho. Mimi ningewaweka A na B kwenye chumba kimoja, dakika 40, kila mmoja na karatasi hii: "Saa moja na nusu asubuhi. Wakazi wa kata mbili wanalalamika maji yana harufu. Mhandisi yuko njiani kuchukua sampuli. Andika meseji moja ya kutuma kwa wateja, isiyozidi herufi 160, na aya mbili za kwanza za taarifa kwa vyombo vya habari." Herufi 160 ndicho kipimo cha meseji moja ya kawaida ikihesabiwa na nafasi. Ukizidisha inagawanyika, na kwa wateja maelfu gharama inakuwa mara mbili.

Wengi wataandika kitu kama hiki: "MAJI: Wakazi wa kata za juu, chemsheni maji kabla ya kunywa hadi tutakapowatangazia. Tunapima sampuli. Taarifa ijayo leo saa 10 jioni." Ni fupi, ina saa, ina la kufanya. Na inaweza kuwa na kosa la hatari. Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi mafuta wala kemikali. Harufu hiyo ikiwa ya dizeli iliyomwagika karibu na chanzo, tumewaambia watu wachemshe kisha wanywe.

Kwa hiyo mwambie msimamizi wa chumba kwamba mwombaji anaruhusiwa kuuliza maswali, na maswali hayo yaandikwe pembeni ya karatasi yake. Atakayenyoosha mkono kabla ya kuandika na kuuliza, "Mhandisi anasema ni harufu ya nini?", kisha akabadilisha "chemsheni" kuwa "msinywe wala kupikia," huyo mpe 4 uliyokuwa umeizuia.